Godoro la Dhanraj

Mimi Pemba Nuru nimebeba mizigo tangu niliposhindwa kujumlisha darasa la nne, na pale Namche, mji wetu wa milimani, hakuna mpagazi anayenishinda kwa kasi wala kwa mdomo. Uliza yeyote. Lakini leo namsema Dhanraj Rai, na ukiona nachekacheka, ujue naficha uso.

Dhanraj ana miaka hamsini na kitu, mfupi, miguu kama mizizi. Ametoka chini huko kwenye mashamba ya mtama, na amesomesha mabinti watatu kwa mkanda wa kichwani, ule wa kubebea mizigo. Hanywi, habishani, na akimaliza wali na dengu anaosha sahani ya mwenzake bila kuombwa.

Oktoba ile tulipata kazi ya kupeleka mizigo ya wageni Gokyo, kupitia mlima wa Renjo. Tukaenda dukani kwa dada Yangji kukodi majaketi.

"La manyoya ya bata rupia mia mbili kwa siku," Yangji akasema. "La nyuzi za kiwandani mia moja. Lakini Pemba, tazama mawingu yale. Chukua la nyuzi."

"Dada, nyuzi ni za kujazia mito! Hili la bata ona, ukilikunja linaingia kwenye soksi. Lile la nyuzi litahitaji mpagazi wake."

"Manyoya yakilowa yanagandana, hayana joto tena. Nyuzi ukizikamua bado zinakupasha."

"Yakilowa kwa nani? Mimi nalowa?"

Dhanraj akavaa la nyuzi, zito, limevimba kama mto.

"Kaka, umelala nalo au limelala nawe?" nikamuuliza. Nikalibatiza Godoro. Njia nzima nikaimba.

"Januari, baridi kavu, ningechukua la bata," akasema taratibu. "Kwa uzito ule ule hakuna kinacholishinda. Hii ni Oktoba ya maji, bwana mdogo."

Sasa sikia ujinga wangu. Tenga langu lilikuwa linanichoma mgongo, nami nikakunja jaketi la bata nikaliweka katikati ya mgongo na tenga. Sisi wapagazi tunafanya hivyo na kitu chochote laini. Mvua juu, jasho chini, kilo thelathini na tano zinakandamiza. Tulipofika Lungden, kijiji cha kulala, nililikunjua: vidonge vidonge vya manyoya vimeshuka chini kwenye mshono, kwingine kitambaa kitupu. Unaona mwanga upande wa pili.

Nililiningʼiniza karibu na jiko la mavi ya yaki, ngʼombe wa huku juu. Jiko likazima baada ya saa moja. La Dhanraj nalo lilikuwa limelowa. Alilikungʼuta, akalivaa mwilini, akakaa.

Asubuhi akauliza, "Limekauka?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema hapana. Angenisubiri, tungekausha jua likitoka. Lakini nilikuwa nimeimba Godoro siku nzima.

"Kavu kama biskuti," nikasema.

Juu kabisa ya Renjo upepo ukatukuta. Jaketi langu likakakamaa nje kama ubao, ndani maji. Nilitetemeka, kisha nikaacha kutetemeka, nikaanza kujikwaa na kuongea kwa ulimi mzito. Dhanraj akashusha tenga. Akanishika kifuani, akabonyeza kitambaa, maji yakatoka katikati ya vidole vyake. Akanivua lile, akanivika Godoro.

"Na wewe, kaka?"

"Tembea."

Akavaa shati mbili na plastiki ya kufunikia mzigo. Glavu zake zilikuwa zimelowa maji ya jaketi langu. Godoro lilikuwa na unyevu bado, wallahi, lakini lilinipasha mpaka nikaanza kulia. Nilitamani lisinipashe.

Gokyo wenyeji walimwekea mikono kwenye maji ya vuguvugu. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikupona: ncha zikawa nyeusi, zikadondoka mwezi uliofuata.

Nilirudisha jaketi kwa Yangji. Alilifungua, akaona vidonge.

"Lilitumika kama nini, Pemba?"

Dhanraj alikuwa mlangoni, mkono umefungwa bendeji.

"Mvua ilikuwa kali, dada," akasema yeye.

"Muongo," nikasema. "Nililiweka chini ya tenga. Na asubuhi nilimdanganya."

Watu watano walikuwa dukani. Wote wananijua kwa kucheka. Hakuna aliyecheka.

Dhanraj bado anabeba, ila fundo la mkanda linamshinda. Kila asubuhi naenda kumfungia. Juzi mawingu yaliposhuka akaniangalia nilivyovaa jaketi, limevimba, la nyuzi.

"Umelala nalo au limelala nawe?" akauliza.

Nikakaza fundo. Lilikuwa limeshakaza, lakini nilikaza tena, niiname nisionekane uso.