Sabini kwa Kila Kichwa

Yustina alikuja Kilwa Masoko na watoto wawili, sanduku moja la bati na Kiingereza alichofundishwa na masista wa Nyangao. Mume alikuwa amezikwa Lindi. Nyumba ya wageni ya serikali ilimpa kazi ya mapokezi na chumba kimoja nyuma ya jiko letu, chumba chembamba hivi kwamba mtu akitaka kujigeuza kitandani alitoka kwanza nje, akajigeuza, akarudi. Lakini kilikuwa na paa. Kazi ikienda, na chumba kinakwenda. Hilo alilijua kila asubuhi kabla hajafungua macho.

Ulikuwa mwaka ule ofisi zote zilipoambiwa ziache Kiingereza. Ikaja karatasi ya bei kutoka makao makuu Dar es Salaam, Kiingereza kitupu, na meneja wetu, Bwana Bakary, akamtupia Yustina mezani.

"Jumatatu adhuhuri iondoke na basi, kwa Kiswahili. Dar wanachapa Alhamisi, nakala mia tatu. Ulisema unajua, si ulisema?"

"Nilisema, Bwana."

"Basi nijue nami kama ulisema kweli. Maana wanaotaka hicho kiti chako wamepanga foleni mpaka Kikole."

Siku nne yule binti hakula. Niliupika wali wa nazi ambao harufu yake ilimtoa pweza majini akapanda ngazi mwenyewe hadi dirishani, Yustina hakuinua kichwa. Alikuwa akiandika, akifuta, akiandika. Karatasi ilikuwa na misimu miwili. Msimu wa wageni wengi ni kuanzia tarehe mosi Julai hadi mwisho wa Oktoba, tena siku za Krismasi. Miezi mingine yote ni msimu wa wageni wachache. Kwanza aliandika "kiangazi" na "masika", akafuta, kwa kuwa mvua haisomi tarehe, na mgeni atagombana nayo. Akaandika tarehe.

Jumatatu Bwana Bakary alipiga sahihi akiwa amesimama, hakusoma hata kichwa cha habari, akapiga mhuri, akaifunga bahasha. Basi likaondoka nayo. Naye akapanda Landrova kwenda Kikole, kwenye mkutano wa kuhamisha watu vijiji vya ujamaa, arudi kesho yake.

Saa nane mchana Yustina akaja jikoni na nakala yake, kwa mara ya kwanza anacheka. "Bi Kidawa, shikamoo. Niulizeni maswali kama wageni, nizoee kujibu."

"Marahaba, mwanangu." Nikajifunga kanga kichwani, nikavimbisha mashavu. "Mimi ni bwana kutoka Ulaya, nina mke mmoja mnene. Tunakuja Agosti. Tunalipa nini?"

"Chumba cha watu wawili, shilingi sabini kwa usiku, pamoja na chai ya asubuhi."

Adija, tuliyekuwa tukipika naye, akaweka mwiko chini. "Mimi mama mwenye watoto wawili na baba yao. Mmoja ananyonya, mwingine, sijui, alizaliwa mwaka wa nzige."

"Chini ya miaka miwili ni bure. Kuanzia miwili mpaka kumi na mmoja, akilala chumba cha wazazi wawili, nusu ya bei ya mtu mzima. Mmoja tu kwa chumba. Akipewa chumba chake, analipa kama mkubwa."

"Na huyo wa nzige?"

"Aje na cheti, Adija, nzige hawatoi cheti."

Tukacheka. Nikauliza mgeni akilala usiku wa tarehe thelathini Juni na usiku wa mosi Julai inakuwaje. Akajibu bila kutazama karatasi: kila usiku kwa bei ya msimu wake, wa kwanza arobaini na tano, wa pili sabini. Nikajisemea, huyu kafuzu.

"Sasa," nikasema, "mke wangu mnene kanikimbia na nahodha. Nimekuja peke yangu. Agosti hiyohiyo."

"Pole, Bwana. Anayelala peke yake anaongeza thelathini juu ya sabini. Mia moja."

"Subiri kwanza. Tulipokuwa wawili tulilipa ngapi?"

"Sabini."

"Na nikiwa peke yangu, mia?"

"Ndiyo."

"Basi mimi nakwenda sokoni, namwokota mzee yeyote anayekoroma, nalala naye, nafaidi thelathini! Hii serikali inalipa watu wakorome pamoja?"

Adija alicheka mpaka akashika ukuta. Yustina hakucheka. Aliitazama ile karatasi ya Kiingereza, kidole kikatembea juu ya mstari mmoja, kikarudi, kikatembea tena.

"Si chumba," akasema. "Ni kila mtu. Kila mtu sabini, wakiwa wawili chumbani. Chumba kinaleta mia na arobaini. Ndiyo maana aliye peke yake anaongeza, kufidia kitanda kitupu."

Nani wa kumlaumu? Kilwa Masoko nzima ukikodi chumba unakodi chumba. Unaingia na nani, hiyo ni shauri yako. Hajapata kuona mahali wanapohesabu vichwa. Aliandika alichokijua.

"Mama yangu, nimeuza nyumba nzima nusu bei. Mia tatu zitachapwa. Watasema hujuma." Akakaa sakafuni kati ya maganda ya nazi. "Watoto wangu nitawalaza wapi?"

"Nyamaza tu," Adija akamwambia. "Hata Bakary hataona mpaka Julai."

"Na Julai?"

"Wanachapa Alhamisi," nikasema. "Simu itawahi." Tukamwinua, tukaenda posta, mimi nikimvuta mkono. Mvua ilikuwa inanyesha hivi kwamba samaki walitupita barabarani wakiuliza njia. Klementi wa simu za maandishi alikuwa anafunga dirisha.

"Dada, zimebaki dakika kumi."

Yustina akaandika. Klementi akahesabu kwa penseli. "'Kwa heshima na taadhima naomba kuwafahamisha.' Dada, heshima nayo inalipiwa, neno kwa neno."

Akakata heshima. Akakata "naomba". Nilifungua fundo la kanga nikamwaga visenti vilivyokuwamo, bado havikutosha, akakata tena. Yakabaki haya: KOSA BEI. SABINI KILA MTU WAWILI CHUMBANI. PEKE YAKE MIA. MSIMU MDOGO AROBAINI TANO KILA MTU. PEKE YAKE SITINI TANO. MSICHAPE KABLA KUSAHIHISHA.

"Jina la meneja?" Klementi akauliza. "Hii ni ya ofisi."

"Hayupo."

"Basi nani?"

Akaandika: YUSTINA MAPOKEZI KILWA.

Tulingoja jibu wiki tatu. Bwana Bakary alipoambiwa alimwita msaliti mbele ya wafagiaji, akasema barua ya kumfukuza ikija ataisoma kwa sauti. Nikamwuliza kwa adabu kama atasoma pia jina la aliyepiga sahihi bila kusoma. Akanikata mshahara wa siku mbili. Usiku Yustina alifunga sanduku la bati, asubuhi akalifungua kutoa nguo za watoto, usiku akalifunga tena.

Kifurushi kikaja. Mia tatu, wino bado unanuka. Juu kabisa, maneno yaleyale ya simu: Sabini kila mtu, wawili chumbani. Peke yake mia. Chini yake kipande cha barua: aliyetuma simu bila idhini ya meneja ajieleze kwa maandishi.

Akajieleza, ukurasa mmoja, kosa lote lake. Jibu halikuja. Julai wakaja walimu wawili wanawake kutoka Iringa, kila mmoja akalipa sabini, wakashukuru. Jibu halikuja.

Alikaa pale mezani miaka kumi na mmoja. Bakary alihamishwa, Klementi alistaafu, watoto walimaliza shule. Na kila basi liliposhusha bahasha ya kaki, mimi dirishani kwangu nilimwona akiishika kwa ncha za vidole mpaka aione si ya jina lake. Sanduku la bati halikuingia chini ya kitanda hata siku moja. Lilikaa mlangoni.