Kilo Kumi na Mbili za Mama Doreen

Mimi ndiye niliyekuwa nikimfungulia Selestina soda kwa nguvu, kwa hiyo bora nianze kwa kukiri. Katika kamati ya harusi ya binti yake, Doreen, nilipewa idara ya chakula na vinywaji, na mimi nikipewa idara sina mchezo. Nilikuwa napita meza kwa meza na opena mkononi, nafungua kabla mtu hajajibu anataka au hataki. Soda ikishafunguliwa hairudi kwenye kreti, na mtu mwenye haya ataimaliza tu.

Selestina hakuwa na haya.

"Lusia, hiyo uliyofungua ni yako," aliniambia kikao cha kwanza, akaisukuma mbele yangu.

Nikainywa kwa hasira. Kufika kikao cha tano nilikuwa nimekunywa soda zake tano juu ya zangu tano, na sketi yangu ya kanisani ikaanza kunikataa kiunoni.

Tumejuana tangu tukiwa wasichana Endamarariek. Yeye ni fundi cherehani, ana kibanda nyuma ya soko la Karatu mjini, na nusu ya sare za shule unazoziona barabarani asubuhi zimepita mikononi mwake. Mumewe alifariki Doreen akiwa darasa la pili. Tangu hapo Selestina amekaa kwenye kile kiti miaka kumi na tisa, anakanyaga pedeli, anakula alichomletea mama ntilie, anashushia na soda. Mwili ukaongezeka, sisi tukamsifu. Tulisema ujane umempenda.

Magoti ndiyo hayakumsifu. Mwaka juzi alianza kushuka ngazi za kanisa kinyumenyume. Akiangusha sindano, anamwita mteja amwokotee. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yeye kuinama alikuwa ameshasahau. Daktari akampiga picha, akamwambia gegedu limeanza kulika, na kwamba kila kilo moja atakayoipunguza, goti litapunguziwa mzigo wa kama kilo nne katika kila hatua. Selestina ni mtu wa vipimo. Hesabu ile ilimwingia.

Januari alikwenda kwa Martini, muuza vitunguu, akapanda kwenye mzani wake wa magunia mbele ya wapagazi. Tisini na nane. Martini, mtu mstaarabu, akasema labda mzani umeharibika. Selestina akamwambia mzani ni mzima ila mteja ndiye amezidi, na kwamba atarudi kila Jumatatu asubuhi kabla ya kunywa chai.

Mwezi wa tatu Doreen akaleta habari ya mchumba, kijana wa Kimaasai wa Ngorongoro anayefanya kazi hoteli moja naye. Furaha tupu. Ila Piusi, kaka yake Selestina, ndiye akaanza kupanga harusi kana kwamba dada yake ni mgonjwa. "Wewe utakaa mbele kwenye kochi," akamwambia. "Zawadi tutaingia nayo sisi, tutacheza kwa niaba yako."

Kwetu mama wa bibi harusi huingia ukumbini akicheza, zawadi kichwani, ndugu zake nyuma. Mama aliyelea mtoto peke yake, halafu umwambie akae kwenye kochi!

"Nitaingia mwenyewe," Selestina alisema. "Na nitacheza mpaka jukwaani."

Piusi akacheka. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe.

Pasaka ilimwangusha kidogo. Tulikuwa nyumbani Endamarariek, kulikuwa na chapati, kulikuwa na pilau, akala kama sisi. Jumatatu mzani ukaonyesha kilo moja na nusu zaidi. Nilitegemea alie au ashinde njaa wiki nzima, ningepata la kusema. Hakufanya lolote. "Nyingi hapo ni maji na chakula ambacho bado kiko njiani," alisema, akarudi kwenye maharage yake na mboga kama kawaida. Wiki mbili baadaye ilikuwa imeondoka.

Vikao vya harusi vilianza mwezi wa sita, kila Jumapili baada ya ibada, kwenye baa yenye bustani njia ya kwenda Oldeani. Msomaji ambaye hajawahi kukaa kamati ya harusi asijidanganye kwamba ni kazi ya kalamu na karatasi. Ni kula. Sinia linakuja katikati, nyama choma, ndizi za kuchoma na za kukaanga, chipsi, mikono kumi inaingia, na hakuna anayejua amekula nini maana hakuna aliyehesabu. Wiki kumi na mbili za namna hiyo, kamati nzima inaingia harusini imevimba.

Selestina alikuwa na mbinu zake, na kila moja iliniudhi. Hakuja na njaa, alikuja ameshakula bakuli la maharage na mchicha. Sinia likitua, aliomba sahani, akachukua sehemu yake mara moja, vipande vinne vya nyama isiyo na mafuta, ndizi moja ya kuchoma, kachumbari mlima mzima, halafu akavuta kiti nyuma na hakurudi tena siniani. Bilauri yake ya maji haikukaa tupu, maana bilauri tupu katika kikao changu ilikuwa halali yangu.

"Unatubagua," nilimwambia siku moja. "Sinia ni la wote, wewe unakula kwenye sahani kama mzungu."

"Nimekula nyama ile ile. Tofauti yetu ni kwamba mimi najua nimekula ngapi. Wewe unajua?"

Sikujua.

Kasheshe lilikuja tulipokwenda kwa wakwe. Tulipandisha Ngorongoro asubuhi ya ukungu, watu kumi na wawili kwenye gari mbili. Wametuchinjia mbuzi, na kwa heshima yetu sisi watu wa mjini wamenunua kreti mbili za soda na kuzibeba mpaka bomani. Naipanoi, mama wa kijana, alizigawa kwa mkono wake. Selestina alikula nyama na kunywa supu, akakatiwa kipande cha mafuta cha heshima, akakimega kidogo akala, kilichobaki akanipa mimi. Ila soda aliirudisha. "Ahsante mkwe, maji yananitosha."

Naipanoi aliipokea chupa akaiweka kando. Alikuwa akinywa yake kidogo kidogo, uso umekunjwa, na mimi nikadhani ni hasira.

Tulipofika Karatu maneno yalikuwa yameshatutangulia. Mama Doreen amewadharau wakwe. Mama Doreen haitaki hii ndoa. Na lile baya zaidi, lililosemwa kwa kunong'ona: hamuoni alivyokonda? Ana kitu, anameza dawa kwa siri. Mtu kwetu akinenepa ana hela, akikonda ana ugonjwa, hana nafasi ya katikati. Doreen alilia kibandani kwa mama yake, akisema wakwe wataogopa na harusi itavunjika.

Jumapili iliyofuata Piusi alisimama kikaoni. Alikuwa ameweka soda mezani, imefunguliwa, mbele ya dada yake. Aliyefungua ni mimi.

"Dada," akasema, "wakwe wanaleta mjumbe kesho. Ukubali kunywa hii leo watu waone, maneno yaishe. Soda moja haiui."

Na kweli, soda moja haiui. Hata Selestina alikuwa anajua hivyo. Lakini pale haikuwa tena habari ya soda. Alisimama, taratibu, ila bila kushika meza, na hilo nililiona.

"Kwenye hii chupa mna sukari vijiko tisa vya chai," alisema. "Nilikuwa nakunywa tatu kwa siku. Januari nilikuwa kilo tisini na nane."

Wanawake wakashtuka. Kwetu mwanamke akikutajia kilo zake hadharani, ni kama amekutajia jina la bwana wa siri.

"Tisini na nane! Martini shahidi. Jumatatu iliyopita nilikuwa themanini na saba na nusu. Nimezipunguza mimi, kwa akili yangu, na natembea. Siumwi. Na ningekuwa naumwa, aibu ingekuwa ya nani? Mlipokuwa mnaniona nashuka ngazi kinyumenyume, nani alinong'ona? Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Kwenye nyama nakaa nanyi, kwenye ngoma nitakuwa mbele yenu. Hii chupa sinywi. Anayesema naidharau ndoa ya mwanangu aje aseme hapa, nimesimama."

Hakuna aliyekwenda. Piusi aliinywa ile soda mwenyewe, maana ilikuwa imeshafunguliwa.

Mjumbe kutoka kwa wakwe alikuja kweli. Alikuja kuulizia rangi ya sare.

Harusi ilikuwa Jumamosi ya pili ya Septemba. Asubuhi Selestina alikula kifungua kinywa kama siku nyingine, mayai na mboga, hakujinyima ili aje afidie jioni. Ukumbini wakati wa keki nilishika roho, kwa sababu bibi harusi humlisha mama yake mbele ya watu wote, na mama akikataa kesho hakukaliki. Doreen akaja na kipande kwenye kijiti. Selestina akafungua mdomo, akakila chote, akafumba macho, akafurahia. Kisha akanikonyeza.

"Hiki nilikipangia tangu Januari," aliniambia baadaye.

Meza ya wazazi nilikuwa nimeweka soda mbili, moja kwa kila mama. Kazi ni kazi. Selestina akaisogeza yake pembeni na kunyanyua bilauri ya maji. Naipanoi akamtazama, akatazama soda yake, akaisukuma nayo.

"Na mimi nipe maji," akaniambia. "Hii inanichoma pua. Nilikuwa nakunywa nikidhani ndiyo desturi yenu."

"Na sisi tulidhani tulikuudhi!" Selestina akasema.

"Uliniudhi. Ulikunywa maji, mimi nikabaki na chupa."

Walicheka mpaka MC akauliza kuna nini. Nilisimama pale na opena yangu nikijiona mjinga, na nilistahili.

Halafu zamu ya zawadi ikaitwa. Piusi alikuwa ameshaweka kochi mbele, hajakata tamaa. Mlango ukafunguliwa, na Selestina akaingia kwa miguu yake, akicheza, na kichwani, juu ya kata ya kanga, amebeba kichwa cha cherehani cha chuma. Kile cha zamani, cheusi, alichokuwa akitumia tangu aanze kazi. Sisi ndugu na marafiki tulikuwa nyuma na vitenge na sufuria, tukihema. Alipita kochi bila kulitazama. Alipanda ngazi tatu za jukwaani akitazama mbele, akazunguka mara moja, akasimama, mkono mmoja ukishika mzigo kichwani.

MC akampa kipaza sauti. Alikuwa anatoka jasho na anatabasamu.

"Hiki nimekipima jana kwa Martini," alisema. "Kilo kumi na mbili. Na mimi mwenyewe ni themanini na sita. Mwaka mzima mnaniuliza kilichonipata. Hiki hapa. Nilikuwa nakibeba magotini kila siku, kwenda sokoni, kanisani, chooni, na hakuna hata mmoja wenu aliyenipokea. Doreen mwanangu, njoo ukipokee."

Doreen akaja na shela lake, akakikumbatia, akayumba kwa uzito. Mkwe wetu akawahi kumshika.