Fishi Iliyotufanya Wageni

Mwaka ule nilikuwa na ndoto moja tu: kusema ndani ya mikro ya uwanja wa ndege, kule Bangboka. Nilikuwa nimefika darasa la nne la sekondari, basi, lakini sauti nilijaliwa, na Kifaransa changu cha kutangaza ndege kilikuwa safi kuliko Kifaransa changu kingine chote. Nilijizoeza nikiosha sahani. Mama alikuwa anajibu kutoka nje, "Abiria wa kwenda kuchota maji waje mulangoni!"

Wakanijaribu, wakanipenda. Mukubwa wa pale akaniambia, "Lete kadi ya citoyen, ya uraia, kabla ya Ijumaa. Watu wa usalama hawakubali mutu bila kadi."

Nikaenda zone ya Kabondo nikiimba. Zone, ndivyo tulivyoita wilaya ya mji wakati ule. Mukuu wa ofisi ya population, ile ya kuandikisha watu, mwenye abakosi, koti la watu wa Serikali, iliyobana tumbo, akatoa fishi, karatasi ya majina ya nyumba yetu, akaisoma, akaniangalia kama vile nimeingia kupitia dirisha.

"Wewe si mu-Zaire."

Nilicheka. Nilidhani anatania.

Akageuza fishi. Palikuwa na jina la papa, la mama, letu sisi watoto, na chini yake, kwa kalamu ya bic ya buluu: wageni, asili Arabia.

"Nani alisema hivi?"

"Fishi ndiyo inasema."

Nilirudi kwa miguu. Papa alikuwa anafuma kiti cha henzirani uani. Babu wa babu yake alitoka Maniema na misafara ya zamani ya Waarabu, ndiyo, tunaswali, anavaa kofia, lakini hata yule babu alizaliwa kule kule Maniema, nchi hii hii. Aliposikia, aliweka chini kisu. Mwaka ule kuitwa mgeni hakukuwa neno dogo. Mutu angeweza kupoteza kiwanja, kazi, hata haki ya kulala nyumbani kwake.

"Lini walituandika?" akauliza. Halafu akajijibu: "Wakati wa matanga."

Ni kweli. Wahesabuji wa population walipopita mtaani, sisi wote tulikuwa Lubutu kumzika shangazi. Nyumba ilifungwa. Nani basi aliwajibu?

Upande wa pili wa ukuta tukasikia kikohozi. Alikuwa tonton, mjomba kwa heshima tu, jirani yetu, fundi wa kushona, mutu wa kabila la wavuvi wa mto. Kati ya familia yake na yetu kuna utani tangu zamani: yeye anamwita papa muarabu bila ngamia, papa anamwita mla-mbinzo, yaani mla viwavi, na siku ya msiba ndiyo wanatukanana zaidi, maana ndiyo haki ya mtani.

"Miye," alisema tonton, uso wake umekauka. "Yule agent wa kuhesabu aliniuliza, hawa wa hapa ni nani? Miye nikasema, hawa? Wageni hawa! Walitoka Arabia kwa miguu kuiba kuku zetu. Niliona anaandika. Nilidhani anaandika kuku."

Mama alicheka, akaacha kucheka kabla hajamaliza.

Kesho yake papa alimpelekea mukuu wa ofisi barua ya kuomba fishi irekebishwe, pamoja na cheti chake cha kuzaliwa na kile cha baba yake. Mama alisisitiza asitoke bila copy yenye muhuri wa kupokelewa. Mukuu alipiga muhuri, akasoma barua bila kugusa vyeti, akaandika chini "imekataliwa", akarudisha vyote.

"Fishi imefungwa. Copy moja iko kwa région, mkoani, nyingine kwa usalama wa Bangboka. Miye sibadilishi kitu."

Lakini sasa tulikuwa na karatasi inayoonyesha kwamba tuliomba na tukakataliwa. Kwa karatasi hiyo tulikuwa na haki ya kupanda kwa mukubwa wake, inspekta wa région aliyesimamia ofisi zote za population, kule Makiso katikati ya mji. Alikuwa mzee mwenye miwani jozi mbili, moja machoni, nyingine kwenye paji la uso. Alisoma kila kitu bila kutukaribisha viti.

"Alhamisi. Mukuu wa ofisi aje na fishi. Na huyo jirani aje."

Usiku wa kuamkia Alhamisi tonton hakushona. Nilimkuta kwenye mlango wake.

"Kusema uongo mbele ya Serikali, mutoto yangu, iko gereza."

Nilimhurumia. Nikamwambia, "Tonton, kama uko na woga, baki. Nitatafuta kazi ingine." Nilisema vile, na nikaona mikro inaondoka, polepole, kama lori la mwisho.

Alhamisi asubuhi alikuwa wa kwanza barabarani, amevaa koti lake la kanisa.

Ofisini inspekta hakupoteza muda. "Ulisema hawa ni watu wa Arabia?"

"Nilisema, citoyen inspecteur."

"Uliwadanganya?"

"Nilikuwa nachezesha, utani tu."

"Mbele ya agent wa Serikali?"

Tonton alianza kufungua vifungo vya koti. Jasho lilikuwa linapita kwenye kola. Mukuu wa ofisi alitabasamu kidogo. Nilifikiri: sasa wanamchukua, na ni kwa ajili ya kazi yangu.

Papa akamgeukia tonton. "Na hiyo koti, mla-mbinzo, uliiba kwa pasta gani?"

"Kwa yule aliyekunyima ngamia!" tonton akajibu papo hapo, kwa sauti ya ukutani kwetu. "Angalia kofia yako, kuku wangu alitagia mule!"

Papa alishika mdomo. Tonton alionekana kama mutu aliyejipiga mwenyewe.

Inspekta hakucheka. Alishusha miwani ya paji juu ya ile nyingine, akaipandisha tena. "Bon. Utani nimeuona." Akamgeukia mukuu wa ofisi. "Kanuni inasema nani anatoa habari za nyumba?"

"Mukubwa wa nyumba, citoyen inspecteur. Ama mutu mzima wa mule ndani."

"Na nyumba ikifungwa?"

"Agent anarudi."

"Alirudi?"

Mukuu aligeuza fishi upande wa pili.

"Nani ametia sahihi hapa chini?"

"Hakuna."

"Donc, basi, huyu jirani hakutoa declaration, maelezo rasmi. Agent wako aliokota maneno barabarani, na wewe, ulipoletewa vyeti, ulikataa kuvisoma."

Nilidhani atapasua fishi. Hakupasua. Alisema kilichoandikwa hakifutwi: alipiga mstari mwekundu mmoja, maneno ya zamani yakabaki kusomeka, akaandika pembeni mu-Zaire, sababu, tarehe, sahihi. Akafanya vilevile kwenye copy ya région.

"Na ile ya Bangboka?" nikauliza.

"Watu wa usalama hawako chini yangu. Naweza kuwaandikia tu." Aliandika. Jioni ile ile zone wakanipa kadi.

Ijumaa, fula-fula, lori la abiria, ilinishusha getini Bangboka, barua ya inspekta kifuani. Mwanaume wa usalama aliisoma taratibu. Akatoa fishi yetu ya zamani, akabana barua juu yake. Hakuitupa. Chini ya barua niliona bado ile bic ya buluu.

"Wanasema ni makosa ya jirani," akasema. "Jirani gani? Jina?"

Kalamu yake ilikuwa wazi. Niliisoma barua juu chini, kutoka upande wangu wa meza. Inspekta alikuwa ameandika "jirani, mutu asiye wa nyumba," basi.

"Haliko mu barua, citoyen."

"Naona. Nakuuliza wewe."

Nje ndege ilikuwa inawashwa, madirisha yanatetemeka. Nilikuwa na ndoto yangu upande mmoja na tonton upande mwingine, na hiyo kalamu katikati.

"Inspekta ndiye alimuuliza, citoyen. Miye nimeleta barua tu."

Alinitazama mpaka nikahesabu vifungo vya shati lake. Kisha akafunga kalamu, akanisukumia ruhusa ya kuingia kwa kidole kimoja, bila kusema kitu. Niliichukua kwa mikono miwili, nikaenda kutafuta chumba cha mikro.