Wastani wa Mvua ya Mjini

Kila asubuhi kwa miaka mingi nimepima mvua shambani kwangu Keringet. Namba nazijua, kuandika sijui, kwa hiyo shemeji yangu Kamande ndiye anayejaza jedwali.

Aprili mwaka huu viazi vyangu vilinyauka. Kikundi chetu cha wakulima kikatangaza mbegu za bure kwa wote ambao jedwali lingeonyesha walipata mvua chini ya kawaida. Jumla ya mvua yangu ya mwezi ilikuwa milimita mia na hamsini, na jedwali likasema: "Mvua zaidi ya kawaida." Nikanyimwa mbegu.

"Kawaida ya wapi, shemeji?"

"Ya Nakuru mjini, mia na thelathini. Kutafuta wastani wa shamba lako ni kazi nyingi, Mama Abby."

"Kwani mimi nalima mjini?"

Alicheka. Nilikaa pale mpaka akajumlisha Aprili zangu zote na kuzigawanya kwa idadi ya miaka. Wastani ukawa mia na tisini. Akafuta, akaandika: "Kavu kuliko kawaida."

"Haya, iko sawa sasa," akasema.

Mbegu zilikuwa zimeshagawanywa, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza kupewa. Wiki hii napalilia viazi vyake ili wanangu wale.