Karatasi Tatu za Sukari

Nesi alinirudishia karatasi ya kipimo. "Sita pointi saba, bibi. Haijafika saba, kwa hiyo huna kisukari. Ukijisikia vibaya utarudi."

Sikuinuka. Nilifungua pindo la kanga nikatoa karatasi za miaka miwili ya nyuma, zote za asubuhi kabla sijatia kitu kinywani: tano pointi tisa, kisha sita pointi tatu.

"Soma zote tatu," nikamwambia.

Enzi za ujamaa tulihamishiwa kijijini, mbali na mikorosho yetu. Kila msimu bwana shamba alisema mavuno bado yanatosha. Mimi niliona magunia yakipungua mwaka hadi mwaka, nikanyamaza, mpaka shamba likageuka pori.

"Sinyamazi tena, mwanangu. Niitie daktari."

Daktari alizipanga karatasi zangu mezani. Alisema sukari iliyo juu kidogo hupimwa kila mwaka, lakini yangu inapanda kila mara, kwa hiyo nirudi baada ya miezi sita.

"Utarudi hata ukijisikia mzima?" nesi akauliza.

"Mikorosho yetu," nikamjibu, "ilikuwa na majani mabichi mpaka msimu wa mwisho."