Migomba Kumi na Mmoja ya Ijumbi

Nilipostaafu ubibi shamba, nilidhani nitakaa nyumbani Ijuganyondo nipalilie maharage yangu. Haikupita hata miezi sita, mradi mmoja wa kilimo pale Bukoba mjini ukanipigia simu. Walikuwa wamepata mashine ya kutambua magonjwa ya migomba kwa picha. Mkulima au afisa ugani anapiga picha kwa simu, anaituma, na mashine inajibu: mnyauko, madoa ya majani, mdudu fukusi, au mgomba mzima usio na ugonjwa. Walitaka mtu wa kuangalia zile picha ambazo mashine haikuwa na uhakika nazo.

Binti aliyeisimamia, mhandisi wa kompyuta mwenye umri wa mwanangu wa mwisho, alinieleza siku ya kwanza. "Mama, kila jibu linakuja na alama, kuanzia sifuri hadi mia. Tumeweka kizingiti themanini. Ikifika themanini au zaidi, jibu linakwenda moja kwa moja kwa mkulima. Ikiwa chini ya hapo, picha inaingia kwenye foleni yako, na wewe ndiye unayejibu."

Nilimwomba kitu kimoja: jibu la mashine lifichwe mpaka mimi niwe nimeandika langu. Nilijua tabia yangu. Nikishaambiwa "mnyauko", jicho langu litautafuta mnyauko hata pasipo na kitu. Alinielewa, akalificha.

Kazi hiyo niliipenda na niliiweza. Miaka thelathini nimetembea kwenye vibanja, mashamba ya migomba ya nyumbani, vya Muleba na Bukoba, na jani la mgomba nalijua kama ninavyojua nyuso za wanangu. Picha nyingi zilikuja foleni kwa sababu za kawaida: mpigaji alikuwa na jua mbele yake, au mkono ulitikisika. Mvuvi mmoja wa Bumbire alituma dagaa walioanikwa juu ya majani makavu. Mashine haikufundishwa dagaa, ikachagua madoa ya majani kwa alama thelathini na nne, na kizingiti kikaileta picha kwangu. Nilimjibu kwamba dagaa wake wanaonekana wazuri.

Halafu mvua za masika zikaja, na picha zikafurika. Tulikuwa wakaguzi wawili tu, mimi na kijana mmoja aliyesoma kilimo chuoni. Foleni ikafika siku nne, kisha tano. Mnyauko hausubiri siku tano. Panga lililokata mgomba mgonjwa leo linaupeleka ugonjwa kwenye mgomba wa jirani kesho. Binti akaniita mezani kwake.

"Mama, tukishusha kizingiti hadi sitini, zaidi ya nusu ya foleni itajibiwa na mashine. Unaonaje?"

Nilifikiria wakulima wanaosubiri. Nilifikiria pia macho yangu, yaliyokuwa yameanza kuwasha. "Shusha," nikasema.

Wiki mbili baadaye afisa ugani wa kule Ijumbi alinipigia simu. Kulikuwa na mama mmoja, mjane, aliyeambiwa migomba yake ina mnyauko, akaanza kuikata. Yeye afisa ndiye aliyepiga picha na kumsomea jibu. Sasa alikuwa na mashaka, kwa sababu hakuona ndizi hata moja iliyoiva kabla ya wakati wake. Niliitafuta picha ile. Jibu lilikuwa mnyauko, alama sitini na saba. Kwa kizingiti cha zamani ingekuja kwangu.

Kesho yake asubuhi nilikuwa Ijumbi. Yule mama alinipokea mlangoni, akanisalimu kwa Kihaya, "Kasinge waitu," akanipitisha kwenye kibanja bila maneno mengi. Migomba kumi na mmoja ilikuwa imelala chini, mingine bado na mikungu michanga. Kati yake na miti ya kahawa palikuwa peupe ambapo hapakupaswa kuwa peupe.

Nilichagua mgomba mmoja wenye majani ya njano uliokuwa bado umesimama. Nilichoma kisu kwa moto kwanza, nikakata shina, nikasubiri. Mnyauko ukiwapo, usaha wa njano hutoka kwenye jeraha. Haukutoka. Nikakata tunda, ndani lilikuwa jeupe, safi. Basi nikachimba chini, nikapasua kitako cha mgomba. Kilikuwa kimetobolewa vijia vyeusi kila upande. Funza mnene wa fukusi alianguka kwenye kiganja changu.

"Ni mdudu," nilimwambia. "Si mnyauko. Hii iliyobaki usiikate. Tutasafisha mashina, tutatega mitego ya vipande vya mgomba, na utapanda miche misafi."

Aliangalia ile kumi na mmoja. "Na hii?"

"Hii tuliikosea sisi. Niliruhusu mashine ijibu pale ambapo mimi ndiye nilipaswa kujibu. Nisamehe."

"Marehemu baba wa watoto wangu ndiye aliyeipanda," akasema, kisha akaniuliza kama nimekula. Tulikula ndizi na maharage jikoni kwake, na tukapanga siku ya kuleta miche. Hakunilaumu kwa sauti. Ningependelea angenilaumu.

Nilirudi mjini nikiwa nimekasirika, ila nilijua la kufanya. Mkuu wa mradi alitaka kizingiti kirudi themanini kwa kila kitu, mara moja. Nilimkatalia. Foleni ingeziba tena, na wenye mnyauko wa kweli wangeendelea kusubiri nyuma ya madoa ya majani.

Nilikaa na binti siku mbili. Tulikuwa na picha zote nilizozijibu tangu mwanzo, na majibu ya mashine yaliyofichwa. Tukayaweka pamoja, alama kwa alama. Kwa madoa ya majani, hata kwenye sitini mashine ilikuwa inakubaliana nami karibu kila mara. Na ikikosea, mkulima amepunguza majani tu. Kwa mnyauko, kati ya sitini na tisini ilikuwa inachanganya mara nyingi mno na fukusi, na kosa lake ni panga.

"Kwa hiyo kizingiti kimoja hakitoshi," binti alisema. Alikuwa ameshika kichwa. "Nilipaswa kulipima hili kabla ya kushusha."

"Na mimi nilipaswa kuuliza," nikamwambia. "Andika."

Aliandika: mnyauko tisini na tano, madoa sitini, fukusi themanini. Jibu la mgomba mzima tulilipandisha hadi tisini, maana kumwambia mtu hana ugonjwa wakati anao ni hatari pia. Picha zinazoshukiwa mnyauko zikawekwa mbele ya foleni badala ya kufuata zamu. Na kila wiki mashine inatuchanganyia kwenye foleni picha chache kati ya zile ilizozijibu yenyewe kwa alama za juu, tuzikague, maana alama kubwa haimaanishi kwamba ni kweli. Inamaanisha tu mashine haina wasiwasi.

Foleni sasa haizidi siku moja, na ya mnyauko tunaimaliza kabla ya chakula cha mchana.

Kijana mwenzangu aliniuliza juzi huwa ninafanyaje picha isiponipa jibu hata mimi. Nilimwonyesha kitufe tulichomwomba binti atuwekee, kilichoandikwa "Sina uhakika". Ukikibonyeza, afisa ugani wa kata anaombwa picha ya pili, ya shina lililokatwa. Alikiangalia kwa mashaka, kama mtu anayeogopa kuonekana hajui kazi.

"Mimi hukibonyeza karibu kila siku," nikamwambia, nikafungua picha iliyofuata.