Mikebe Arobaini na Mmoja ya Kalondu

Kalondu alikuwa na tabia ambayo wenzake katika studio ya kanisa pale Kathonzweni waliiita ugonjwa. Wimbo ukishamaliza kurekodiwa, ukachanganywa na kupelekwa redioni, wengine walikunywa chai wakaenda zao. Kalondu alibaki nyuma akiokota. Aliokota tepu kubwa yenye sauti nne zilizorekodiwa kila moja kwenye njia yake, akaokota tepu za majaribio yaliyokosewa, akaokota karatasi ya maneno ya wimbo. Kisha alikaa chini kuandika: njia ya kwanza ina nani, ya pili ina nini, kila kitufe cha meza ya kuchanganyia kilisimama wapi, tepu ilizunguka kwa mwendo gani. Vyote hivyo alivitia kwenye mkebe mmoja wa bati, mikebe ile mikubwa ya biskuti aliyoomba madukani, maana maboksi ya karatasi yangeliwa na mchwa kabla ya Krismasi.

"Wimbo umeisha, Kalondu," walimwambia. "Unauzika au unaufuga?"

"Haujaisha," alijibu. "Umelala tu."

Alianza kazi hiyo mwaka 1976, na kufikia 1991 alikuwa na mikebe arobaini na mmoja, yote imesimama wima kwenye rafu mbali na spika, kwa kuwa sumaku ya spika huila sauti polepole. Tepu zenyewe hakuzirudisha mwanzo. Aliziacha zimeishia mwisho, zilivyojiviringisha zenyewe kwa ulaini wakati wa kucheza, ili zikae miaka bila kujikaza vibaya. Mtu yeyote angedhani anatunza mayai.

Mwaka huo alikuja mkubwa mpya wa studio, Mutiso, kijana aliyesoma, mpole, mpiga kinanda hodari, lakini mwenye haraka ya kufagia. Studio haikuwa na tepu mpya, na kwaya za vijana zilikuwa zikisubiri kurekodi. Mutiso aliitazama ile rafu akaona tepu tele.

"Mwaitu," alisema, akimwita mama kwa Kikamba kama ilivyompasa, "hizi nyimbo zote zilishatoka kwa redio. Tuzifute Jumatatu, turekodi juu yake. Hakuna mtu atakuja kuuliza hizo vitu."

Kalondu aliweka kalamu yake chini. Miaka kumi na mitano ya maisha yake ilikuwa kwenye ile rafu, na si kwamba Mutiso alikuwa mbaya. Alikuwa na shida ya kweli, jambo ambalo lilimuudhi Kalondu zaidi, kwa kuwa mtu mbaya angalau unaweza kumnunia.

"Nipe mpaka Jumatatu hiyo," alisema. "Nikufungulie mkebe mmoja. Ukishindwa kufanya kazi, futa yote, mimi mwenyewe nitashika sumaku ya kufutia."

Mkebe wa kufungua alikuwa nao tayari kichwani. Juma hilo Mbinya, mjane kutoka Tawa, alikuwa ametuma ujumbe. Mumewe, Nzioka, aliongoza kwaya yao hadi alipofariki. Sasa kanisa la Tawa lilikuwa likifungua jengo jipya, na kwaya ilitaka kuimba ule wimbo wake wa zamani, aliourekodi hapo studioni, ikiongozwa na sauti yake mwenyewe, bila gitaa na bila ile kwaya ya zamani. Kwenye kaseti ya redio hilo halikuwezekana, maana vyote vilikuwa vimeshakorogwa pamoja kama mahindi na maharagwe ya githeri. Lakini ndani ya mkebe wa 1978, Nzioka alikuwa peke yake kwenye njia ya kwanza.

Ijumaa asubuhi Mbinya alifika amevaa kitambaa cha kanisani. Mutiso aliweka kinanda chake karibu. Kalondu alifungua mkebe, akavuta tepu ya wimbo, akaipachika kwenye mashine mpya ya studio, akairudisha mwanzo polepole, akaweka mwendo uleule ulioandikwa, inchi saba na nusu kwa sekunde, kisha akazima njia tatu na kuacha ya kwanza.

Nzioka akaimba. Sauti safi, bila mkwaruzo. Kalondu alitaka kucheka kwa furaha, akajizuia.

Mutiso alijaribu kumfuata kwa kinanda. Alipobonyeza noti moja, Nzioka alikuwa juu kidogo. Alipopanda kwenye noti ya pili, Nzioka alikuwa chini kidogo. Alijaribu mara nne, kisha akaondoa mikono.

"Yuko katikati ya funguo mbili," alisema. "Kwaya hawawezi imba na hii. Tepu imeharibika, mwaitu. Pole."

Alisema pole kwa moyo wake wote, na Kalondu akaiona rafu nzima ikiondoka. Tepu ilikuwa nzima, mwendo ulikuwa sawa, kila kitu alikuwa amekiandika, na bado wimbo haukuwa sawa.

Mbinya ndiye aliyesema. "Ni yeye," alisema polepole. "Lakini ana haraka. Nzioka hakuwa mtu wa haraka. Hata chakula alikuwa anakula kama mtu anafikiria."

Kalondu aligeuka kumtazama, kisha akaichukua mkebeni karatasi ya maelezo aliyoiandika mwenyewe siku ya kurekodi. Aliona haya. Yeye, aliyewafokea vijana wote wasome karatasi mpaka chini, alikuwa amesoma mistari aliyoikumbuka tu. Akashuka kwa kidole: njia, vitufe, mwendo, tarehe. Chini kabisa, kwa kalamu ya risasi iliyofifia, alikuwa ameandika: "Umeme: jenereta. Sindano 48½."

Alikaa kwenye kiti. Umeme wa nguzo ulifika Kathonzweni baadaye, naye alikuwa ameshasahau kwamba waliwahi kuishi bila huo. Mwaka 1978 studio ilitumia jenereta iliyokuwa ikivuta pia pampu ya kisima, na pampu ikifanya kazi, jenereta ilichoka. Sindano ya mita yake, iliyopaswa kusimama kwenye mizunguko hamsini ya umeme kwa sekunde, ilishuka.

"Mota ya mashine ile ya zamani ilikuwa inafuata jenereta," alimweleza Mutiso. "Jenereta ikichoka, tepu inazunguka polepole wakati wa kurekodi. Mashine yako haichoki. Kwa hivyo inamkimbiza Nzioka, kama tatu kwa mia. Hapo kwa mashine kuna kitufe cha kupunguza mwendo. Punguza tatu."

Mutiso alipunguza tatu. Nzioka akaanza tena, na Mutiso alipobonyeza noti ya kwanza, sauti na kinanda vilikutana. Alipiga ubeti mzima. Mbinya alikuwa ameinamisha kichwa, akiitikia kwa midomo bila sauti.

Wimbo ulipokwisha, Kalondu aliona kuna tepu nyingine ndogo mkebeni, ya majaribio yaliyokosewa. Aliiweka kwa mwendo uleule. Nzioka aliimba mistari miwili, akapotea, akakohoa. Halafu akasema, kwa sauti ya kawaida, kana kwamba yuko mlangoni: "Kalondu, ngoja nirudie vizuri. Mbinya atasikia hii kwa redio."

Mbinya alilia, na hakujificha, na Kalondu alilia naye.

Baada ya muda Mbinya alijifuta kwa ncha ya kitambaa. "Wimbo wapelekeeni kwaya," alisema. "Mimi nirudishieni pale anakosea."

Mutiso alirudisha. Alirudisha mara ya pili na ya tatu bila kuambiwa. Kisha akaenda ofisini, na Kalondu akamsikia akipiga simu Nairobi, akiagiza tepu mpya kwa ajili ya vijana.